Alama ya sehemu ya moto: mwenye jibu la haraka si lazima ameelewa

Mwonyeshe mtu asiyewahi kufunzwa usalama kazini ile pembetatu ya njano yenye mistari mitatu iliyopinda, imesimama juu ya mstari mmoja mnene wa kulala. Mwulize maana yake. Usishangae akikujibu "mvuke", "harufu" au hata "nyoka". Alama hiyo ni W017 katika orodha ya kimataifa ya ISO 7010, na inamwonya mtu kwamba sehemu iliyo mbele yake ina joto la kuunguza. Mchoraji alitaka kuonyesha joto linalopanda, lakini joto halina umbo, na ndipo shida inapoanzia.

Kwa maoni yangu kosa liko kwenye kitu kilichochaguliwa kuchorwa. W017 inaonyesha hatari yenyewe bila kuonyesha inamfanya nini mtu. Ili kuona tofauti, tulinganishe michoro mitatu ya onyo hilohilo, yote ndani ya pembetatu ya njano. Wa kwanza ni W017 kama ilivyo. Wa pili una mistari ileile, ila juu yake kuna kiganja kilichonyooka kinachoshuka. Wa tatu unaonyesha mkono kwa ubavu: ncha za vidole zimegusa ule mstari mnene, vidole vimejikunja kurudi nyuma, na michirizi mifupi inatoka pale vilipogusa.

Kila mchoro utafutie watu wake. Kiwango cha Marekani cha ANSI Z535.3 kinataka watu wasiopungua 50, angalau asilimia 85 wajibu sawasawa, na wanaoelewa kinyume cha hatari wasizidi asilimia 5. Usimwonyeshe mtu mmoja michoro yote mitatu, kwa sababu akishauona mkono kwenye wa pili, umekwisha mnong'oneza jibu la wa kwanza. Mwambie tu alama hubandikwa mahali pa aina gani, kwa mfano kwenye mashine za karakana. Ukimpa picha ya tanuri lenyewe, atasoma tanuri badala ya alama.

Swali liwe wazi: "Unadhani alama hii ina maana gani?" Majibu ya kuchagua yanaongeza bure idadi ya waliopata, maana mtu anaondoa yasiyowezekana na kubaki na lililo sahihi bila kuelewa mchoro. Saa ianze picha inapotokea, isimame anapoanza kutamka jibu lenyewe. Usisubiri amalize, kwa kuwa wengine husema polepole, wala usihesabu ile "aaa" ya kujivuta. Ni rahisi zaidi kurekodi sauti na kupima baadaye. Ukomo wa sekunde 15 unatosha.

Kiswahili nacho kina mtego wake hapa. Mtu akisema "hapa pana moto", amepata au amekosa? Neno "moto" kwetu ni ule unaowaka na pia ni hali ya kitu chenye joto. Kwa hiyo lazima pawe na swali la pili: "Ungeiona kazini, ungefanya nini?" Akijibu kwamba asingegusa, ameelewa. Akisema angetafuta kizimamoto, amesoma onyo jingine kabisa. Swali hili huulizwa baada ya saa kusimama, na wanaosahihisha, ikiwezekana wawili, wasijue jibu limetoka kwenye mchoro upi.

Sasa tuje kwenye hesabu, mahali ambapo wengi huteleza. Chukua tarakimu za kubuni. Mchoro wa kwanza umeeleweka kwa watu 14 kati ya 50, na ukiwapanga hao 14 kuanzia mwepesi hadi mzito, wa katikati amejibu kwa sekunde 2. Mchoro wa pili umeeleweka kwa watu 43, na wa katikati yao ametumia sekunde 4. Ripoti ikiandika muda peke yake, wa kwanza umeshinda kwa nusu ya muda! Lakini hao 14 ni akina nani? Waulize mwishoni kama waliwahi kuiona alama hiyo. Aghalabu utakuta wengi wao waliijua tayari, kwa hiyo zile sekunde 2 zimepima kumbukumbu. Mtu anayeufumbua mchoro kwa mara ya kwanza huchukua muda zaidi, na yeye ndiye tuliyekuwa tunamtafuta.

Njia ya haki ni kuwahesabu wote 50, na kila aliyekosa kumweka nyuma ya ukomo wa sekunde 15, kana kwamba bado anafikiri. Kisha tafuta mtu wa katikati. Kwenye mchoro wa pili bado yumo kati ya waliopata, labda kwenye sekunde ya 5. Kwenye wa kwanza hana muda wowote, kwa kuwa zaidi ya nusu ya watu hawakuelewa kamwe. Wastani wa kawaida usiutumie, kwani watu wawili watatu wazito wanauvuta wote.

Je, wa pili upitishwe? Watu 43 kati ya 50 ni asilimia 86, umevuka 85. Lakini tazama waliokosa. Tuseme watatu kati ya wale saba wamejibu, "Weka mkono hapa." Hiyo ni asilimia 6, na mchoro umeanguka. Kiganja kilichonyooka kinachoshuka kinafanana mno na mwaliko, kama wa kifaa cha kusoma alama za vidole. Kosa la aina hii nalihofia kuliko "sijui", kwa sababu asiyejua huenda akauliza, ila aliyeelewa kinyume ataunyoosha mkono. Mara nyingi ndiye pia anayejibu upesi, kwa kuwa hana shaka.

Wa tatu umechorwa kuziba pengo hilo. Vidole vinavyojikunja haviwezi kuwa mwaliko. Wako wanaopenda kuchora mstari mwekundu wa mshazari juu ya mkono ndani ya pembetatu ileile, nami sikubaliani nao. Makatazo yana umbo lake, duara jekundu lenye mstari, na "usiguse" tayari ipo kama P010. Bandika alama zote mbili pamoja kuliko kuzichanganya.

Kanuni ya kuuchora mwili wa mtu haikuanzia kwenye joto. Alama ya hatari ya kibiolojia ilibuniwa mwaka 1966 ikikusudiwa kukumbukwa kirahisi bila kuwa na maana yoyote, ili watu wafundishwe maana yake. Kwa asiyefunzwa haisemi kitu. Mionzi nayo ilikuwa na ua lake la mabawa matatu, hadi mwaka 2007 ilipotoka alama ya ziada ISO 21482, yenye miale, fuvu na mtu anayekimbia, baada ya kujaribiwa kwa watu 1,650 katika nchi 11.

Mchoro wa tatu una udhaifu mmoja: una vitu vingi vidogo. Kwenye karatasi kubwa mezani michirizi inaonekana vizuri, ila kwenye kibandiko cha sentimita 4 mtu akiwa mita 4, vidole hugandana kuwa donge jeusi. Kwa hiyo jaribu kwa ukubwa na umbali halisi wa kazini. Vikigandana, punguza vidole vinavyoonekana viwe viwili, na acha kati yao nafasi tupu isiyopungua unene wa mstari wenyewe, kisha uwapime watu wengine 50 wapya.