Spika ilikuwa kwa mama mkwe

Naona shemeji ameshairusha kwenye grupu la familia, eti "nilimpigia mama mkwe muziki chumbani". Uongo mtupu, haukuwa muziki, alikuwa mtangazaji wa mpira. Ngoja niwape iliyonyooka kabla haijafika Sengerema.

Mnaijua ile smati plagi niliyowapigia kelele hapa wiki nzima. Usiku niko kitandani nabonyeza simu, tivii sebuleni inakata pwaa, nalala najiona mhasibu wa luku.

Sasa Jumamosi wakwe wakaja. Siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi hakuna tena habari ya kungoja kivuko, wamefika Buzuruga kabla hata sato niliyoagiza Mwaloni haijatoka. Mama mkwe kachoka, akapewa chumba cha watoto ajinyooshe. Baba mkwe kakaa kochi kubwa, kofia magotini, anasubiri mechi. Mimi kwa madaha natoa simu, "Baba, hii tivii naiwasha bila kuigusa." Nikabonyeza.

Kikawaka kitaa chekundu. Basi. Plagi inarudisha umeme tu, kuwasha bado ni kazi ya rimoti (hili tusilijadili). Nikatafuta rimoti, nikabonyeza, ikaja nembo. Nembo ikakaa. Baba mkwe anaitazama nembo, mimi namtazama baba mkwe. Akauliza kwa upole, "Hii ndiyo mechi?" Nje mtaa mzima ukalipuka goooo! Sisi nembo.

Picha ilipokuja, haina sauti. Naongeza volyumu, kimya, naongeza tena, wachezaji wanakimbia kama wako msibani. Ndipo nikasikia sauti kwa mbali. Inatoka chumba cha watoto.

Jamani. Juzi watoto walikuwa wameiunga tivii na spika ya blututhi, wakaondoka na spika chumbani kwao. Jana usiku nilirudisha sauti kwenye tivii yenyewe kisha hapohapo nikakata umeme kwa simu, na tivii yangu inaonekana huwa haihifadhi mabadiliko papo hapo, inayaandika baadaye au ukiizima kwa rimoti. Kwa hiyo imeamka na akili za juzi, ikaitafuta spika yake, ikaipata juu ya kabati, juu ya kichwa cha mama mkwe, na zile volyumu zote nilizokuwa naongeza zilikuwa zinaenda huko.

Niingie nikaizime? Chumba alicholala mama mkwe? Wasukuma wenzangu mnanielewa. Nimesimama mlangoni nimeshika rimoti, nabonyeza mipangilio, menyu haifunguki kwa sababu tivii bado inapakia mambo yake kwa nyuma, ndani mtangazaji anafoka "anapigaaaa", na mlango ukafunguka. Mama mkwe, kanga kichwani, kaikumbatia spika inaendelea kuongea. "Baba, huyu mtu wako anataka nini?"

Nikapiga magoti. Sikumbuki nilisema nini, shemeji anacho kwenye video.

Mengine niwafupishie. Jirani fundi tivii alikuja jioni, akacheka kwanza, halafu akaeleza. Kwenye mipangilio kuna kitu kinaitwa Quick Start, jina linatofautiana kidogo kwa kila tivii. Ukiiwasha, halafu ukazima kwa rimoti, tivii haizimi kabisa, inasinzia huku memori bado ina umeme, ndiyo maana ukiiita inaamka ndani ya sekunde chache pale ilipoishia. Ukikata umeme, iwe kwa plagi au kwa swichi ya ekstensheni, memori inafutika na inaanza moja kutoka kwenye nembo. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeiwasha Quick Start na kila usiku naikata koo. Umeme ukikatika mtaani ni yaleyale, haina ujanja.

Na uniti je? Tivii nyingi za sasa zikizimwa kwa rimoti bila Quick Start hazizidi nusu wati, yaani mwezi mzima kama uniti 0.36. Quick Start inakula zaidi, nyingine hufika wati kumi, hapo ni uniti 7.2 kwa mwezi, ukiona nyingi izime uvumilie nembo. Kilichoniuma ni kwamba smati plagi yenyewe, ili isikie waifai usiku kucha, inakula karibu wati moja. Yaani ningeizima Quick Start na kutumia rimoti tu, plagi ingekuwa inakula wati moja kuokoa nusu. Chekeni tu.

Kama lazima ukate (radi za huku ziwani tunazijua), zima kwa rimoti kwanza, subiri kitaa kitulie nusu dakika hivi, ndio ukate.

Plagi sasa iko kwenye feni. Matokeo ya mechi msiniulize mimi, muulizeni mama mkwe, ndiye aliyeisikia yote.