Shahada katika Sarafu ya Wapiganaji wa Msalaba

Vita vya Msalaba husimuliwa kwa kawaida kama hadithi ya panga mbili zisizokaa ala moja. Simulizi hiyo haidanganyi kuhusu damu iliyomwagika Yerusalemu mwaka 1099, lakini kwa maoni yangu inatuficha forodha ya Akka, bandari ambayo wapiganaji wa msalaba kutoka Ulaya, Wafaranji kama Waarabu walivyowaita, waliitawala kwa muda mrefu katika pwani ya Shamu.

Septemba 1184 alifika hapo Ibn Jubayr, hujaji kutoka Andalusia, pamoja na msafara wa wafanyabiashara Waislamu waliotoka Dameski. Mwaka huohuo Salahuddin, sultani wa Waislamu, alikuwa ameizingira Karak, ngome ya Wafaranji, nayo misafara iliendelea kupita kati ya nchi za pande hizo mbili, kila upande ukitoza ushuru wa bidhaa za mwenzake. Hapo forodhani Ibn Jubayr aliwakuta makarani Wakristo wakiandika hesabu zao kwa Kiarabu, na anakiri kwamba mizigo ilikaguliwa kwa upole. Hata hivyo, mtu huyohuyo aliyestaajabia utaratibu huo anamwomba Mungu auangamize mji wenyewe. Sioni unafiki katika dua hiyo, kwa sababu alikuwa ameiona misikiti iliyogeuzwa makanisa, na ushuru wa haki haukuweza kulifuta jambo hilo moyoni mwake.

Ushahidi unaonivutia zaidi, hata hivyo, ni sarafu. Masoko ya eneo hilo yaliiamini dinari ya dhahabu ya Makhalifa wa Kifatimi wa Misri, kwa hiyo Wafaranji walifua dinari za kuiga, zenye maandishi ya Kiarabu, jina la Khalifa al-Amir aliyefariki mwaka 1130, na hata shahada ya Kiislamu. Dhahabu yake ilikuwa pungufu kuliko ya asili, na mvunja fedha mzoefu aliweza kuitambua kwa kuisugua kwenye jiwe la kupimia na kuilinganisha rangi. Ilikuwa, kwa hiyo, sarafu iliyotumika na kushukiwa kwa wakati mmoja.

Mwaka 1250 mjumbe wa Papa, Odo wa Châteauroux, alishtuka kukuta Wakristo wakifua fedha yenye jina la Mtume Muhammad, na Papa Innocent wa Nne akaunga mkono katazo lake. Wafaranji wangeweza kuanza kufua dhahabu yenye herufi za Kilatini, ila nadhani walijua kwamba dhahabu ngeni ingetiliwa shaka sokoni. Mwaka 1251 Akka ilitoa sarafu mpya zenye msalaba, zikimtaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja. Maneno hayo, pamoja na mwaka uliohesabiwa tangu kuzaliwa kwa Masihi, bado yaliandikwa kwa Kiarabu.