Kadi ya dukani haimfikii bibi yangu wa Arua

Hapa Leeds maduka ya kadi yana rafu nzima ya kadi za siku ya kuzaliwa za mabibi: maua, paka, maneno matamu yamechapwa tayari, wewe unatia sahihi tu. Unabandika stempu, unatumbukiza kwenye sanduku jekundu, mtu wa posta anaifikisha mlangoni. Mwenzangu kazini akaniuliza mbona bibi yangu simtumii moja. Nilichoka ghafla. Mlango wa bibi hauna namba! Barua za kwetu Arua, Uganda, huishia kwenye sanduku la posta mjini, na sanduku lenyewe ni la shule.

Simu anayo, lakini imezimwa na kufungwa kwenye leso pamoja na kitambulisho cha taifa. Hicho kitambulisho ndicho kinachosema alizaliwa 1 Januari. Wakati wa uandikishaji wa 2014 tarehe hakuijua, wakamwekea hiyo, nasi tumeipokea.

Kwa hiyo ujumbe wangu huandikwa ili usomwe kwa sauti. Unaingia kwenye simu ya mdogo wangu anayekaa naye, naye humsomea baada ya Magharibi, bibi akiwa ametulia. Sauti ya kurekodi haifai: bibi huijibu, sauti inaendelea tu, naye anaona namkatiza. Mdogo wangu akisoma, humsubiri aitikie. Ndiyo maana sentensi ni fupi, salamu kwanza, pesa mwisho:

“Asalaam aleikum, bibi. Ni mimi, mtoto wa binti yako wa pili. Mimi mzima, kazi ipo. Magoti yanaendeleaje? Leo tunakuhesabia mwaka mwingine, alhamdulillahi. Ile tabaga nyekundu uliyonisukia nafunikia chakula kila siku, wageni wananiuliza fundi ni nani. Mungu akuzidishie uzima. Nimetuma shilingi elfu hamsini, na ya kutolea iko juu yake. Elfu hamsini yote ni yako. Nakupenda sana, bibi yangu.”

Najua wapo watakaosema kutaja kiasi mbele ya watu ni kumshuku mtoto wa watu anayetumwa kuzitoa. La, ni kumlinda. Wakala ana ada yake, na serikali inakata kodi ya nusu asilimia kwa kila anayetoa pesa za simu. Usipoongeza ya kutolea, bibi anakabidhiwa pungufu, na anayeonekana mwizi ni yule aliyetembea juani hadi kwa wakala.

Wengine watasema nimekaa Ulaya nikaanza kujivuna, siku ya kuzaliwa ni ya wazungu. Keki sijatuma, mishumaa sijatuma. Nimemsalimia mzee wangu na kumwombea dua. Posta ya huku naisifu na nitaisifu, inafanya kazi, na inaniudhi kwamba yetu haifiki kijijini. Lakini hiyo kadi ya rafuni, hata ingefika, isingemuuliza habari za magoti yake.