Barua ya shule ikifika Lamu kwa Kiingereza tupu

Huku Ohio, Marekani, siku ya kwanza unayomwandikisha mtoto shule, unapewa fomu inayouliza nyumbani kwenu mnazungumza lugha gani. Ukijaza Kiswahili, matangazo muhimu yanatakiwa yakufikie kwa Kiswahili, au apigiwe simu mkalimani. Si hisani ya mwalimu mkuu. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi kwa misingi ya asili ya mtu, na ndiyo inayozibana shule zinazopokea fedha za serikali kuu ziwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa. Kiswahili chenyewe mara nyingine kimeandikwa kwa lahaja ya Kongo, lakini tarehe na pesa unaziona.

Dada yangu yuko Lamu. Kiswahili anakisoma vizuri, na Katiba ya Kenya ya 2010 inasema ni lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Mwanawe alipopata nafasi ya Gredi 10 katika shule ya bweni, barua ilikuja kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Akaipiga picha, akanitumia: "Kaka, nisomee hii, nimeona hesabu kubwa moyo umenishtuka."

Hesabu iliyomshtua ilikuwa shilingi 62,779, chini kabisa ya jedwali la karo. Jedwali hilo lina safu tatu: mchango wa serikali 22,244, wa mzazi 40,535, na jumla. Asiyesoma vichwa vya safu hukamata namba ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyokozwa wino. Kumbe hiyo 22,244 haimhusu kabisa. Na hata 40,535 ni ya mwaka mzima, inagawanywa asilimia 50, 30 na 20. Kwa hiyo nilimwandikia hivi: "Muhula wa kwanza unalipa 20,268. Wa pili 12,160. Wa tatu 8,107. Jumla 40,535, basi." Nikajumlisha upya kabla ya kutuma, maana karo iliyotafsiriwa isipolingana na jumla ya barua, kuna safu imesomwa vibaya.

Tarehe nayo ina mtego, hasa kwa sisi tunaoishi Marekani. Barua iliandika 12/01/2026. Huku namba hizo husomwa Desemba 1. Kwetu ni Januari 12. Mimi huandika jina la mwezi na siku ya wiki: Jumatatu, Januari 12. Siku isipolingana na kalenda, mmoja kati yetu amekosea, na linajulikana mapema. Saa pia. Waliposema 8:00 hadi 12:00 niliandika saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Ukimwachia mzazi hiyo nane kama ilivyo, atafika alasiri lango limefungwa. Na kwa anayetoka kisiwani, apande boti hadi Mokowe ndipo apate basi, kuripoti Jumatatu asubuhi maana yake ni kuondoka Jumapili. Hilo halimo kwenye barua, lakini mtafsiri anayelijua asilinyamazie.

Kwenye vifaa niliandika kama mtu anavyoagiza dukani: godoro la futi 3 kwa 6, sanduku la bati na kufuli, jozi mbili za shuka, yaani mashuka manne, foronya, blanketi, kandambili, rimu moja ya karatasi. Kisha nikatenga vya lazima na vya hiari. Kwenye barua vilikuwa orodha moja, na neno dogo la hiari liko kwenye mabano pembeni. Mama asiyeliona hukopa ili anunue kitu ambacho hakuna atakayemdai.

Kuna sehemu moja sikuitafsiri kabisa: namba ya malipo ya M-Pesa na namba ya mtoto ya kuandikishwa inayojazwa kwenye nafasi ya akaunti. Hizo nilizinakili tarakimu kwa tarakimu na kumwambia aende na barua yenyewe. Namba ya mtoto ikikosewa, pesa zinaingia shuleni bila jina la mtu, na mama anarudi kudaiwa upya huku risiti iko mkononi.

Wapo watakaosema mtoto amesoma, amtafsirie mamake. Mimi sikubali. Mtoto ndiye anayetaka viatu vipya, ndiye anayeogopa kumwambia mama karo ni nyingi. Asiwekwe katikati ya mzazi na mwalimu. Huku mwongozo wa serikali kuu wa 2015 uliziambia shule zisiwatumie watoto kuwa wakalimani.

Nyumbani kazi hii ni nyepesi kuliko ya Marekani yenye lugha chungu nzima. Waalimu wa Pwani wanaandika Kiswahili. Ukurasa mmoja unatosha: siku na saa, kiasi cha muhula huu peke yake, vifaa vya lazima, na namba za malipo. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, ombeni ukurasa huo uambatanishwe na kila barua ya karo.