Eti shimo hawakulijua

Jana nimepokea jibu la madai yangu ya fidia, baada ya gari langu kuingia kwenye shimo la barabarani. Mistari minne, mmoja wa kunipa pole. Eti mamlaka ya barabara haikuwa na taarifa ya shimo hilo kabla ya tukio, kwa hiyo tairi lililotoa nundu ubavuni na ringi iliyopinda ni mzigo wangu. Shimo lenye maji ya kufugia kambare, halijulikani!

Nilinuna mchana kutwa. Usiku nikairudia barua, nikaona nilipoangukia: kwenye tarehe. Sheria nyingi haziibani mamlaka kwa sababu tu barabara ina shimo. Zinaibana pale ilipojua, au ingejua kama ingekagua inavyotakiwa, ikapata muda wa kutosha wa kuziba, ikakaa tu. Jiji la New York ni kali zaidi: kwa kawaida lazima liwe limeshapewa taarifa ya maandishi na siku 15 zipite. Mawakili wa huko walichoka kushindwa, wakaunda kamati mwaka 1982 ya kukagua mitaa, kuchora kasoro kwenye ramani, hasa za njia za waenda kwa miguu, na kulikabidhi jiji. Aliyejikwaa baadaye alikuta taarifa yake ilishaandikwa na mtu asiyemjua.

Hapo ndipo aibu iliponishika. Shimo lile nimelikwepa wiki tatu, hata abiria wangu nikiwaonya washike vizuri. Kuripoti? Nilidhani wengine wameshafanya. Na wao bila shaka walinidhania mimi.

Na kuripoti si kuandika "barabara mbovu, mtuangalie". Taja nguzo ya kilomita au jengo la karibu, upande wa barabara na uelekeo wa magari. Piga picha ukiwa umesimama mahali salama, futi au kiatu kikionyesha kina. Dai namba ya kumbukumbu, uitunze. Kwanza hakikisha barabara ni ya nani, maana ukipeleka kwa asiyehusika, taarifa inaweza kufia mezani kwake.

Sijasalimu amri. Nimewaandikia tena nikiomba kumbukumbu zao za ukaguzi. Picha zangu zinaonyesha kingo zilizolainika kwa kukanyagwa na mabaki ya kiraka cha zamani chini, na shimo lililochimbika jana tu halifanani hivyo. Kama mkaguzi wao alipita mwezi ule asiandike kitu, waniambie alikuwa akiangalia nini. Tairi ninalo stoo, fundi aliyelitaka nimemnyima, na maelezo yake ya maandishi ninayo.

Haya, watasema nilikuwa kasi, na fidia inaweza kukatwa kwa hilo. Pia mvua kubwa ikinyesha usiku, hakuna atakayeziba kila shimo asubuhi. Nakubali, kwa shingo upande.

Mbele kidogo ya shimo langu kuna lingine linaanza, lami imeshapasuka kama gamba la kobe. Nimeliripoti leo asubuhi. Namba yake ninayo mfukoni, ingawa mimi gari langu bado liko juu ya jeki.