Mshahara wa dada wa nyumbani sio chenji inayobaki

Nikiwa mwanafunzi hapa Dortmund mwaka 2019 nilikuwa nafanya usafi kwa bibi mmoja, masaa manne kwa wiki, naondoka na kama yuro 200 hivi kwa mwezi. Ni kazi ndogo wanayoita minijobu, na huyo bibi alinisajili. Juu ya hela yangu alikuwa anakatwa kama asilimia 14 au 15 ya michango, kuna pensheni, bima ya ajali na vingine, wanaivuta wenyewe kwenye akaunti yake mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Januari na mwisho wa Julai. Mshahara wangu aliuwekea standing oda. Mwaka ule akalazwa wiki tano, nyumba imefungwa, mimi sina hata pa kudeki, na hela ikaingia vilevile. Nikampigia kumuuliza kama kasahau kusitisha, akanishangaa, akasema kodi ya nyumba inalipwa nikiwa hospitali, wewe kwa nini usilipwe.

Sasa msije mkasema nawasifia wazungu, maana wanaolipa watu wa usafi kimyakimya bila kusajili wamejaa tele, na dada wa kukaa nae nyumbani kutwa nzima mtu wa kawaida hapa hamuwezi hata kwa ndoto. Ila lile la kuweka mshahara kwenye fungu moja na kodi na umeme limenikaa kichwani, kwa sababu nyumbani kwetu Tabata tulikuwa tunafanya kinyume kabisa.

Pale kuna mama, mdogo wangu na watoto wake wawili, na dada tuliyemtoa Singida kwa laki moja kwa mwezi. Hela nilikuwa natuma mimi, inaingia kwa mdogo wangu, yeye anasema namtunzia dada asije akaimaliza kwenye vocha na mawigi. Nyumba nyingi mnaijua hii lugha ya kutunziana. Miezi tisa ikapita, dada kachukua vijisenti vya mafuta na sabuni na hela ya kumtumia mama yake, jumla 150,000. Desemba akaomba kwenda kwao, kwa hiyo tunadaiwa 750,000. Mdogo wangu hana, ilishaishia kwenye ada na luku, hata hakuwa na nia mbaya, ila hela ikilala kwenye simu yako unaiona yako. Akampa 200,000 na nauli, nyingine utaikuta ukirudi. Dada akaondoka na begi lote, hata ndala za bafuni kabeba, hapo ndo tungejua. Hakurudi, simu hapokei, na sisi tukaanza kumsema hana shukrani wakati deni ni letu (tulikuja kumlipa Machi kupitia kwa mjomba wake). Mdogo wangu alikosa kazini siku kumi na moja akitafuta mwingine, dalali kala chake, na mama ilibidi azoee mtu mpya wa kumsaidia kuoga.

Ndo nikakaa nikapiga hesabu vizuri. Laki moja sio gharama yote ya dada. Sheria ya kazi inampa siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na huo mwezi lazima kuwe na mtu wa kushika nafasi yake, hiyo laki nyingine. Nauli ya kwenda na kurudi na mizigo tunaweka laki, matibabu 80,000, sikukuu 80,000. Jumla 360,000, ukigawa kwa miezi 12 ni 30,000 kila mwezi. Kwa hiyo dada ni 130,000, na inatoka tarehe 28 kabla sijatuma hata shilingi ya matumizi. NSSF bado hatujamuingiza, hapo sijitetei.

Laki inaenda kwenye namba ya dada mwenyewe, 30,000 inakaa kwenye laini ya mama ambayo haiguswi. Na hapo kwenye namba ndo kuna kazi, dada mpya alikuja na laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, maana hakuwa na NIDA, tukamsaidia kuifuatilia akasajili kwa kidole chake. Na kama dada yako hawezi kupata NIDA kwa sababu hajafika miaka 18, mwenzangu, hapo huna dada, una mtoto wa watu.

Mdogo wangu alinuna kidogo, eti nimemwonyesha dada kwamba yeye haaminiki. Nikamuuliza, mwajiri wako angekutunzia wewe mshahara mpaka Desemba ungekubali? Akabadilisha stori. Juzi dada kavunja hotpoti, akaja mwenyewe kuuliza itakatwa shilingi ngapi. Mabosi wake wa zamani walikuwa wanakata. Mama akamwambia kamata fagio uzoe vigae, hotpoti ilikuwa ya mwaka jana.