Watu na makontena: grafu ya mihimili miwili inavyotupoteza

Grafu yenye mihimili miwili ya wima, mmoja kushoto na mwingine kulia, haifai kuonyeshwa hadharani kama ushahidi kwamba jambo moja limeleta jingine. Huo ndio msimamo wangu, na unazidi kukaza kila grafu ya namna hiyo inapozunguka kwenye simu zetu hapa Mombasa ikiwa picha tu: mtu ameketi pembeni ukumbini, akaipiga picha skrini, akaisambaza.

Moja iliyonifikia ina mstari wa buluu wa idadi ya watu wa kaunti, na wa rangi ya chungwa wa makontena yanayopita bandari yetu, kutoka 2009 hadi 2019. Mistari yapanda bega kwa bega. Jamaa mmoja kikundini akaandika, “Si mwaona wenyewe? Bandari ikikua, watu wamiminika.” Wengi wakamuunga mkono.

Takwimu zenyewe hazina kasoro. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 Mombasa, na ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Makontena, kwa kipimo cha kontena la futi 20, yalikuwa kama 619,000 mwaka 2009 na yakapita kidogo milioni 1.4 mwaka 2019. Sasa gawanya idadi ya mwisho kwa ya mwanzo. Watu wameongezeka kwa asilimia 29 hivi. Makontena yamezidi maradufu. Vipi basi mistari ikapanda sawasawa?

Tazama namba za pembeni. Mhimili wa kushoto, wa watu, waanzia 900,000 na kuishia 1,250,000. Wa kulia, wa makontena, waanzia 500,000 na kuishia 1,500,000. Kila mhimili umekatwa ili mstari wake uanzie karibu na chini na umalizikie karibu na juu. Mistari yoyote miwili inayopanda, ukiikata hivyo, itafanana. Wala si lazima mtu awe na nia mbaya, kwa sababu programu nyingi za kuchora grafu hujichagulia mipaka ya kila mhimili zenyewe.

Hebu badilisha mhimili wa kulia pekee, uwe kutoka 0 hadi 3,000,000. Mstari wa makontena sasa waanza juu ya ule wa watu, wapanda polepole, na unapofika 2019 uko chini yake kabisa. Njiani mistari hiyo imekatana. Mtu angeweza kusimama na kutangaza kwamba watu wameyapita makontena, na hakuna namba hata moja iliyobadilika! Watu na makontena havipimwi kwa kipimo kimoja, kwa hiyo pale mistari inapokatana pameamuliwa na aliyechagua mipaka, si na jambo lolote lililotokea mjini.

Picha ya simu huongeza matatizo yake. Ikipigwa kutoka upande, mhimili ulio karibu huonekana mrefu kuliko ulio mbali, na mistari ya gridi hulala mshazari. Usipime kwa kuangalia ukingo wa skrini ya simu yako. Fuata gridi yenyewe kutoka kwenye mstari hadi kwenye namba. Hapo pia kuna mtego: mara nyingi gridi ni ya mhimili wa kushoto tu, na alama za kulia haziangukii juu yake. Mwanga wa projekta nao hufifiza rangi hadi hujui mstari upi ni wa upande gani. Na kama upande wa kulia umekatwa kwenye picha, huo mstari wa pili hauwezi kusomeka. Omba faili lenyewe au takwimu, na usiisambaze kabla ya hapo.

Jambo jingine, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: makontena huhesabiwa kila mwaka, lakini watu walihesabiwa mara mbili tu katika kipindi hicho. Ule mstari laini wa buluu kati ya 2009 na 2019 ni makisio. Hauwezi kutuonyesha kama watu walikuja baada ya makontena kuongezeka, au kabla.

Sisemi bandari haivuti watu. Inaajiri, na kila mtaa una familia inayoishi kwa kazi yake. Lakini shehena nyingi inayoshuka hapa ni ya Nairobi na bara, na nyingine huvuka mpaka kwenda Uganda na kwingineko. Biashara ya huko ikikua, makontena yataongezeka hata kama hakuna aliyehamia Changamwe. Anayedai uhusiano atuletee hesabu ya waliohamia na kazi walizopata.

Na akitaka kutuchorea, atumie mhimili mmoja. Achukue 2009 kuwa 100 kwa vyote viwili. Ifikapo 2019 watu watakuwa 129, na makontena karibu 229, na pengo hilo litaonekana hata kwenye picha iliyopigwa vibaya.